Mafuta ya Sikukuu na Kongosho la Mbwa

Tuchukue mbwa jike wa miaka 7, mwenye uzito wa kilo 10, aliyenenepa hata mbavu zake hazipapasiki. Usiku wa Krismasi, wageni wakishaondoka, anamwagiwa mabaki ya kitimoto: ngozi, vipande vya mafuta, na yale mafuta yaliyoganda kwenye kikaango. Anakula yote, analamba bakuli, analala. Asubuhi anaonekana mzima. Mchana anakataa ugali wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Jioni anatapika mara ya kwanza, kisha ya pili, na kufikia usiku hatapiki chakula tena bali povu la manjano. Nyumbani wanasema amevimbiwa, kesho atakuwa sawa.

Huenda kweli amevimbiwa. Mbwa wengi hula mafuta, wakatapika mara moja, wakaharisha kidogo, na mambo yakaisha. Lakini huyu amepita hapo. Dalili zake zinaelekeza kwenye kongosho, tezi ndogo iliyojibanza kati ya tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba.

Kongosho lina kazi mbili. Moja inajulikana kwa wengi, nayo ni kutoa insulini ya kudhibiti sukari. Ya pili ni kutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, vikiwamo vile vinavyoyeyusha mafuta na vinavyokatakata nyama. Kwa kuwa kongosho lenyewe ni nyama, vimeng'enya vikali hutengenezwa vikiwa vimelala, na huamshwa vikishamiminika kwenye utumbo. Katika ugonjwa huu vinaamka mapema, vikiwa bado ndani ya tezi. Kongosho linaanza kujisaga lenyewe. Linavimba, damu yake inapungua, na mafuta yaliyolizunguka yanaungua kwa uvimbe huo. Mlo mmoja wenye mafuta mengi unaweza kuchochea hali hii, hasa kwa mbwa ambaye hakuzoea mafuta, aliyenenepa, au ambaye damu yake ina mafuta mengi kwa asili, kama mbwa wadogo wa aina ya shnauza. Wapo pia wanaougua bila kula chochote cha ajabu. Kwa hiyo kusema "hakula mafuta" hakumwondolei mbwa shaka, na kama amekula, taarifa hiyo ni ya thamani kubwa kwa daktari.

Dalili huanza saa chache baada ya mlo, au siku moja mbili baadaye, na ndiyo maana watu husahau kuunganisha sahani ya juzi na kutapika kwa leo. Kubwa ni kutapika kusikokoma, kukataa chakula na kunyong'onyea. Maumivu yapo, ila mbwa si mwepesi wa kulia. Mtazame anavyokaa. Anaweza kulaza kifua na miguu ya mbele chini huku makalio yakibaki juu, akakaa hivyo kwa muda, au akarudia mara kwa mara. Mbwa mzima anayetaka kucheza naye huinama hivyo, lakini mkia wake huchezacheza na baada ya sekunde chache anaruka. Huyu mgonjwa hana mchezo. Ukimgusa tumbo chini ya mbavu, analikaza, anageuza kichwa, pengine anataka kukuuma ingawa ni mpole. Wengine huharisha, wengine hupata homa. Wengine hawatapiki kabisa. Wanajikunja pembeni na kukataa kula tu.

Kinachomweka mbwa huyu hatarini upesi ni maji. Mbwa wa kilo 10 anahitaji takriban nusu lita ya maji kwa siku akiwa mzima. Akitapika mpaka akapoteza maji yenye uzito wa asilimia 8 ya mwili wake, tayari ana upungufu wa mililita 800. Kwa siku hiyo moja anahitaji takriban lita 1.3, na bado hatujahesabu anayoendelea kutapika. Kwa mdomo hayaingii, kwa sababu kila anachokunywa kinarudi. Wakati huohuo kongosho lililovimba linahitaji damu ya kutosha ili lisizidi kuoza, na damu hiyo inapungua kadiri maji yanavyopungua. Mpapase fizi: zikiwa kavu na zinanata, maji yamepungua. Zikiwa zimepauka, ukazibonyeza kwa kidole na rangi ikachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, huo ni mshtuko wa mwili, na safari ya kliniki haingoji kupambazuke.

Hapa ndipo tiba za nyumbani zinapoumiza. Mazoea yetu mbwa akitapika ni kudhani amelishwa sumu, kisha tunamnywesha maziwa au mafuta ya kupikia. Kwa mbwa huyu hayo ni mafuta juu ya mafuta. Wengine humpa dawa ya maumivu ya watu, kama ibuprofeni au diklofenaki. Dawa hizo humtoboa mbwa vidonda vya tumbo, na figo zilizokwisha kukosa maji zinaweza kufa. Asipewe hata nusu kidonge.

Sababu nyingine ya kumwona daktari wa mifugo ni kwamba hakuna mtu, hata daktari mwenyewe, anayeweza kuutambua ugonjwa huu kwa macho peke yake. Mbwa aliyekula mabaki ya sikukuu anaweza kuwa na mfupa uliokwama kwenye utumbo, naye atatapika na kuumwa tumbo vilevile. Homa ya kupe nayo humnyong'onyesha mbwa, na nyingine hulishambulia kongosho lenyewe. Daktari atauliza alikula nini na lini, atapima joto, atapapasa tumbo. Eksirei inaweza kuonyesha mfupa, damu chini ya hadubini inaweza kuonyesha vijidudu vya kupe, na ultrasaundi huweza kuonyesha kongosho lililovimba. Kipo pia kipimo cha damu kinachopima kimeng'enya cha mafuta kinachotoka kwenye kongosho la mbwa. Hakipatikani kila kliniki, lakini palipo nacho hukisaidia sana kile ambacho mikono na macho yameshahisi.

Hakuna sindano moja ya kulizima kongosho. Tiba ni dripu ya kurudisha maji, dawa ya kuzuia kutapika, na dawa ya maumivu yenye nguvu inayofaa mbwa. Antibayotiki si lazima kwa kila mgonjwa, kwa kuwa mara nyingi hakuna bakteria waliouanzisha ugonjwa. Zamani mbwa alifungishwa kula siku kadhaa ili kongosho lipumzike. Siku hizi, kutapika kukishadhibitiwa, huanza kulishwa mapema, kidogokidogo, chakula kisicho na mafuta: wali uliopikwa laini na kifua cha kuku kilichochemshwa bila ngozi. Mbwa wa mfano wetu, akifika kliniki siku ya pili, anaweza kulazwa siku chache na kurudi nyumbani. Akichelewa, figo, mapafu na mfumo wa kugandisha damu huweza kuingia kwenye vita hiyo, na hapo wengine hufa hata wakihudumiwa vizuri.

Akipona, mafuta yakome: ngozi ya kuku, supu yenye mafuta juu, mabaki ya kikaango, hata "kidogo tu" cha Mwaka Mpya, kwa maana kongosho lililougua mara moja huugua tena kwa urahisi. Mwarifu na jirani anayemtupia vipande ukutani. Kisha mtazame kwa miezi inayofuata. Akianza kunywa maji mno na kukojoa mno, huenda sehemu inayotoa insulini imeharibika na amepata kisukari. Akila sana lakini anakonda, na kinyesi kikawa kingi, laini, chenye kung'aa kwa mafuta, vimeng'enya havimtoshi tena. Hali zote mbili zina tiba, na zote huanzia kwa daktari yuleyule, ukiwa na tarehe ya ule ugonjwa wa kwanza mkononi.