Mstari Uliolala na Mstari Unaoshuka: Bei ya Alizeti Kati ya Rungwa na Mjini



Katika kukagua vitabu vya vyama vya msingi nimekuta, zaidi ya mara moja, muhtasari wa mkutano wenye azimio la namna hii: kwamba chama kimekubaliana gunia la alizeti lisiuzwe chini ya bei fulani. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kiliweka bei yake shilingi 50,000 wakati viwanda vya mjini vilikuwa vikinunua kwa 48,000. Magari yalifika, madereva wakauliza bei, wakageuza kwenda kwa majirani. Baada ya wiki kadhaa magunia yalikuwa bado ghalani, panya wakiwa wameanza kazi yao, na azimio likafutwa kimya kimya.

Miaka miwili baadaye, katika chama hicho hicho, wanachama walikuwa na lalamiko la namna nyingine. Kila mmoja alikuwa amepanua shamba, wilaya za jirani nazo zimepanua, bei ikashuka, na fedha zilizoingia mkononi hazikuzidi za mwaka uliotangulia. Mzee mmoja akasimama akaniuliza: “Bwana Mkaguzi, juzi ulituambia bei haisikii neno letu. Mwaka huu tumelima zaidi tu, ikaanguka. Je, inatusikia au haitusikii?”

Swali hilo lilistahili jibu refu kuliko nililompa siku ile. Maneno yote mawili ni ya kweli, kwa sababu yanahusu watu wawili tofauti: mwuzaji mmoja, na wauzaji wote kwa pamoja.

Tuanze na wote. Mnunuzi wa alizeti ni mwenye kiwanda cha kukamua mafuta. Mbegu ikiwa ghali, mafuta yake yanakuwa ghali, na mama mwenye nyumba anayesimama dukani anachagua mafuta ya mawese yatokayo Malaysia na Indonesia. Kiwanda kinapunguza zamu, na vile vidogo vinafunga milango. Mbegu ikishuka bei, viwanda vinakamua mchana na usiku, wanunuzi wa mikoa ya mbali wanaona faida ya kuleta malori, na mashudu yanauzika kwa wafugaji kwa wingi zaidi. Kwa hiyo, kwa soko zima, kila bei inapopungua ndipo magunia mengi zaidi yanapotakiwa. Ukichora jambo hilo kwenye karatasi, bei ukiipandisha juu na magunia ukiyapeleka kulia, unapata mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Huo ndio mstari wa mahitaji ya soko.

Sasa tutumie hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, nimezipanga ziwe rahisi kufuatwa. Tuseme mjini, gunia likiwa shilingi 52,000, viwanda vyote kwa msimu vinataka magunia 90,000. Likiwa 48,000 vinataka 100,000. Likiwa 44,000 vinataka 110,000. Na likiwa 40,000 vinataka 120,000. Tuseme pia kwamba wakulima wote wameleta magunia 100,000. Bei itasimama kwenye 48,000, maana hapo ndipo yote yanapopata mnunuzi.

Katika mfano huu, magunia 10,000 yakiongezeka bei hushuka kwa shilingi 4,000. Ukigawanya, utaona kwamba gunia moja linapoongezeka sokoni hushusha bei kwa senti 40. Senti hizo si sifuri, na mtu mwenye ubishi anaweza kusema kwamba basi hata mkulima mmoja anaigusa bei. Ni kweli, anaigusa. Lakini tazama anachokipata kwa kuigusa.

Mkulima mwenye magunia 10 anaamua kuficha moja ili bei ipande. Bei inapanda kwa senti 40. Kwa magunia 9 aliyouza anapata nyongeza ya shilingi 3 na senti 60, naye amekosa shilingi 48,000 za gunia alilolificha. Akifanya kinyume chake, akaleta magunia 11, bei inashuka kwa senti 40 na gunia la ziada linamletea karibu 48,000 kamili. Kwa mtu huyu, iwe analeta 5, 10 au 20, bei anayoikuta ni ile ile. Akiomba 49,000, mnunuzi anavuka barabara na kununua kwa mwingine mwenye mbegu ya namna ile ile. Akikubali 47,000, amejipunja bure, kwa kuwa yote aliyonayo yangenunuliwa kwa 48,000. Mstari wa mahitaji anaoukabili yeye umelala, haupandi wala haushuki, ukiwa kwenye kimo cha bei ya soko. Wachumi huita mahitaji ya namna hiyo kuwa ni nyumbufu kabisa.

Mstari huo uliolala haukutoka mahali pengine. Ni ule ule mstari unaoshuka, lakini umetazamwa kwa karibu mno. Soko likiwa kwenye 48,000, bei ikipungua kwa 1 kwa mia, viwanda vinaongeza manunuzi kwa 1.2 kwa mia. Kwa soko zima hiyo ni nyongeza ya wastani tu. Lakini 1.2 kwa mia ya magunia 100,000 ni magunia 1,200, nayo ni mara 120 ya ghala la mkulima wetu mwenye 10. Kwa kipimo cha ghala lake, punguzo dogo kama lile limefungua mlango usio na mwisho. Hana mbegu ya kuujaza. Hapo hatujahesabu kwamba wakulima wengine nao hawakai kimya. Yeye akijizuia kuuza ili bei ipande, mwingine wa Dodoma au Manyara atapeleka yake na kuliziba pengo, na hata zile senti 40 zitapungua. Unyumbufu wake, basi, unatokana na mambo mawili: udogo wa fungu lake, na wepesi wa wenzake kuingia mahali alipotoka.

Chama je? Tuseme chama cha msingi cha Rungwa kina magunia 500. Hilo ni nusu ya mmoja kwa mia ya soko letu la mfano. Kikifunga ghala lote, bei mjini itapanda kwa shilingi 200, tena ikiwa hakuna aliyeliziba pengo. Ndiyo sababu lile azimio la 50,000 lilishindwa. Mkutano mkuu una mamlaka juu ya ghala lake, hauna mamlaka juu ya magunia 99,500 ya watu wengine.

Sasa nirudi kwa lalamiko la mzee. Mkulima mwenye magunia 10 kwa bei ya 48,000 alipata shilingi 480,000. Akapiga hesabu kwamba akivuna 12 atapata 576,000. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa ikiwa ni yeye peke yake aliyepanua shamba. Lakini kila mkulima alipiga hesabu hiyo hiyo, na kila mmoja akavuna 12. Sokoni yakafika magunia 120,000, bei ikashuka hadi 40,000, na 12 mara 40,000 ni 480,000. Magunia mawili ya ziada, pamoja na jasho la palizi na bei ya magunia yenyewe, hayakuleta hata shilingi moja. Laiti wangeishia kwenye 11 kila mmoja, bei ingekuwa 44,000 na mapato 484,000: gunia zima kwa faida ya shilingi 4,000. Hakuna aliyekosea kichwani mwake. Kila mmoja alitembea kwenye mstari wake uliolala, na wote kwa pamoja wakateremka kwenye mstari unaoshuka.

Wazee watakumbuka kwamba kuanzia miaka ya 1970 Serikali ilitangaza bei moja ya mazao kwa nchi nzima. Wakati ule mstari wa mkulima ulilala kwa tangazo, na wote wakizidisha mazao bei haikushuka papo hapo. Hasara, ilipotokea, ilibaki kwenye vitabu vya shirika lililonunua. Mteremko ulikuwapo, ila mkulima hakuuona.

Kimo cha mstari uliolala nacho kina mambo yake, na hapa makatibu wengi hukosea. Kwa Rungwa, kimo hicho si bei ya mjini bali ni bei ya mjini ukitoa gharama za njia. Rungwa iko mbali kusini mwa Itigi, kando ya pori la akiba, kwenye barabara inayoelekea Chunya na Mbeya. Tukisema kubeba gunia hadi kiwandani ni shilingi 6,000, basi bei ya Rungwa ni 42,000, na aombaye 48,000 akiwa Rungwa ameomba zaidi ya soko bila kujua. Chama hakiwezi kuinua bei ya mjini, lakini kinaweza kujaza lori na kushusha 6,000 ziwe 4,500. Hizo 1,500 ni za kweli, na azimio la kukodi lori la pamoja lina nguvu ambayo azimio la bei halina.

Kimo cha mjini nacho kinashikwa kwa kiasi kikubwa na mawese. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 ushuru wa forodha wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje uliongezwa kutoka 10 hadi 25 kwa mia. Hatua ya namna hiyo huusogeza mstari wa soko zima, na mstari uliolala wa kila mkulima hupanda nao. Ushuru ukipunguzwa, yote miwili hushuka. Kwa sababu hiyo katibu mwenye kufuatilia bajeti ya mwezi Juni ana habari za bei kuliko yule anayepiga simu kwa dalali.

Je, mwuzaji anaweza kuwa mkubwa kiasi cha kuugusa mteremko? Zanzibar iliwahi kuwa hivyo kwa karafuu, kwa sababu visiwa viwili vilikuwa vikitoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia. Hapo mstari wa mwuzaji na mstari wa soko vilikaribia kuwa kitu kimoja, na kupunguza au kuongeza mauzo kulikuwa na maana. Lakini Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkuu kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipanda mikarafuu yake yenyewe, na katika miaka ya 1980 ikajitosheleza. Mnunuzi akaondoka, na ukubwa wa mwuzaji haukumsaidia.

Huku kwetu ukubwa wa namna hiyo unaweza kuja kwa njia ya ajabu, nayo ni njia mbovu. Mvua ikikata barabara na lori moja tu likafika Rungwa, dereva akiwa na fedha za magunia 200, soko la siku hiyo si viwanda vya mjini tena. Ni lile lori. Chama chenye 500 hapo ni soko zima, na kila gunia la ziada linaloletwa mizanini linashusha bei mbele ya macho ya wote. Katibu anaweza kuitambua hali hiyo kwa jambo moja. Amwulize mnunuzi bei ya magunia 50, kisha bei ya 150. Bei ikibaki ile ile, mstari umelala, na chama kiuze kiasi chochote kinachotaka. Ikishuka, asimamishe mizani kwanza, apige simu Itigi kuuliza kama kuna lori lingine njiani, ndipo aendelee.