Damu imeganda, mkojo umekatika

Septemba 25, 1957, Karl Schmidt, bingwa wa nyoka aliyekuwa amestaafu kutoka jumba la makumbusho ya viumbe la Chicago, aliletewa nyoka mdogo wa kutambuliwa. Alikuwa bumslangi, nyoka wa mitini anayepatikana kuanzia Afrika Kusini hadi Afrika Mashariki, na urefu wake ulikuwa sentimita 76 hivi. Schmidt alipomshika, nyoka akamuuma kidole gumba cha mkono wa kushoto. Jino moja tu ndilo lililozama, kwa milimita tatu hivi. Mzee huyo wa miaka 67 hakwenda hospitali. Alipanda treni kurudi nyumbani, akawa anaandika kila kilichokuwa kikimpata.

Wengi wanaosimulia kisa hiki hukazia damu iliyomtoka mdomoni na puani. Mtaalamu wa figo akizisoma kumbukumbu hizo husimama kwingine. Usiku saa sita na dakika ishirini, Schmidt aliandika kwamba amekojoa kidogo na kwamba sehemu kubwa ilikuwa damu. Asubuhi alikula uji, mayai, mkate na kahawa, na homa ilikuwa imeshuka. Lakini hakuwa na mkojo tena: kila saa tatu hivi kilitoka kiasi kidogo cha damu, yapata mililita 30. Hiyo ni mililita 10 kwa saa. Mtu mzima mwenye kilo 60 hatarajiwi kushuka chini ya mililita 30 kwa saa. Mwili ulikuwa umeshasema, ila aliyeusikiliza alijiona ana nafuu. Alifariki alasiri hiyo hiyo, na uchunguzi wa maiti ulikuta damu imevuja kwenye mapafu, ubongo, moyo na figo.

Kwa nini figo? Jibu la kwanza liko kwenye mtiririko wa damu. Karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo mbili zisizozidi ukubwa wa ngumi, yaani lita moja hivi kila dakika. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni shada la mishipa myembamba kiasi kwamba chembe za damu hupita kwa kubanana. Chochote kinachoharibu damu hufika huko mapema na kwa wingi.

Sumu ya bumslangi, sawa na ile ya nyoka wa Russell wa Asia Kusini ambaye ni wa ukoo mmoja na kifutu wetu, huwasha mfumo wa kugandisha damu bila kuwapo jeraha la kuziba. Vitonge vidogo hufanyika kila mahali, vingi vikiyeyuka vilevile vilivyokuja, mpaka malighafi ya kugandishia inakwisha mwilini. Hapo ndipo mgonjwa anapovuja damu kwenye fizi na mahali alipochomwa sindano. Mtu huyo huyo, kwa wakati mmoja, anavuja damu na anaziba mishipa.

Kinachoziba ndicho kinachoumiza figo. Katika baadhi ya wagonjwa, nyuzinyuzi za damu iliyoganda hubaki zimetanda ndani ya mishipa midogo ya vichujio. Chembe nyekundu zikisukumwa kupita hapo hukatika vipande, na chembe sahani, zile zinazosaidia kuziba jeraha, hunasa na kupungua. Kichujio kinakuwa kama kifumbu kilichojaa machicha: hata ukiongeza maji, tui halishuki.

Kuna njia nyingine za madhara. Kifutu hufanya mguu uvimbe hadi pajani, na uvimbe huo ni maji yaliyotoka kwenye mishipa; yakiwa lita kadhaa, shinikizo la damu huanguka na figo hukosa damu ya kutosha. Nyoka wa baharini, ambaye kwetu ni yule mwenye tumbo la njano, ana sumu inayobomoa misuli. Protini nyekundu ya misuli huingia kwenye damu, kisha hukwama katika mirija ya figo, na mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Tena majaribio ya maabara yameonyesha kwamba baadhi ya sumu huziumiza moja kwa moja seli zinazoitandika mirija hiyo. Kwa mgonjwa mmoja njia hizi huchanganyika, ndiyo maana haifai kumtazama kwa kipimo kimoja.

Kwa daktari wa zamu, kosa rahisi ni kudhani kwamba damu ikishaanza kuganda tena basi kazi imekwisha. Tumchukue mkulima wa mpunga wa Sri Lanka, nchi ambako nyoka wa Russell ni balaa la mashambani. Ni wa kubuni, lakini mwendo wa ugonjwa wake madaktari wa huko wanaufahamu vizuri. Ana kilo 60, ameumwa kifundoni, anafika hospitali baada ya saa mbili.

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme. Mililita mbili za damu ya mshipa hutiwa kwenye chupa ya kioo iliyo mpya, safi na kavu, ikaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha ikainamishwa mara moja. Damu ya mkulima inatiririka kama maji, maana yake haigandi. Chupa ndiyo siri ya kipimo hiki: ya plastiki haifai, kwa kuwa ni kioo kinachochochea damu kuganda, na iliyooshwa kwa sabuni pia hudanganya. Hospitali nyingi siku hizi zina vichupa vya plastiki tu, kwa hiyo zahanati yenye busara huweka akiba ya vya kioo kwa ajili hii.

Anapewa dawa ya kupinga sumu ya nyoka, anawekewa mpira wa mkojo, na damu inachukuliwa kupima kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo ndizo huitoa. Kreatinini yake ni maikromoli 80 kwa lita, kiwango cha mtu mzima wa afya. Saa sita za kwanza anatoa mililita 240 za mkojo, sawa na 40 kwa saa. Baada ya saa hizo sita kipimo cha chupa kinarudiwa, na damu inaganda. Ndugu wanashusha pumzi.

Saa sita zinazofuata mfuko una mililita 110 tu. Hiyo ni 18 kwa saa. Kreatinini imefika 98, ongezeko la 18, na vigezo vya kimataifa vya kreatinini vinataka ongezeko la angalau 26 ndani ya saa 48, au mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya wiki, ndipo figo zihesabiwe kuwa zimejeruhiwa. Kwa karatasi ya maabara bado ni mzima. Kwa mfuko wa mkojo ni mgonjwa tayari. Sababu ni kwamba kreatinini hujikusanya taratibu: hata figo zikisimama kabisa saa hii, damu itachukua saa nyingi kuonyesha. Kupima mara moja wakati wa kupokelewa, kisha kumruhusu mgonjwa kwa sababu jibu lilikuwa zuri, ni kupima jana yake.

Siku ya pili kreatinini ni 135. Chembe sahani zilizokuwa 190,000 zimeshuka hadi 45,000, na damu yake imepungua kutoka gramu 13.5 hadi 8 ingawa hakuna mahali panapovuja sana. Fundi wa maabara akipaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa darubini anaona chembe nyekundu zilizokatwa, nyingine zenye pembe kama kofia ya askari wa kale. Sasa picha imekamilika: mishipa midogo ya figo imeziba, japo kipimo cha chupa kinasema damu ni salama. Siku ya tatu kreatinini ni 420 na mkojo ni wa kijiko. Potasiamu, ambayo figo zilipaswa kuitoa, ni 6.7, na karatasi ya mapigo ya moyo inaonyesha mawimbi yaliyochongoka. Hapo hakuna la kusubiri. Anahitaji kusafishwa damu kwa mashine, maana potasiamu ya namna hiyo husimamisha moyo bila onyo.

Dawa ya kupinga sumu haikushindwa. Hukamata sumu inayozunguka kwenye damu. Haiwezi kurudisha kichujio kilichokwisha kuumia. Kubadilisha maji ya damu kwa mashine kumejaribiwa kwa wagonjwa wa aina hii, lakini faida yake haijathibitika. Tena dawa lazima ilingane na nyoka. Ya bumslangi ni ya peke yake, hutengenezwa Afrika Kusini, na ile ya mchanganyiko inayotumika kwa kifutu na swila haimgusi.

Kuna madhara ambayo hospitali huyaongeza yenyewe. Mguu uliovimba unauma, na huku kwetu sindano ya diklofenaki iko karibu kuliko kitu kingine chochote. Inabana damu inayoingia kwenye figo wakati zinaihitaji zaidi, na inaongeza uvujaji. Jentamaisini kwa kidonda kilichooza huumiza mirija ile ile. Dripu nayo ina kipimo: mgonjwa mwenye shinikizo la chini huongezewa maji, lakini mkojo usipofuata, kuendelea kufungua chupa kunayapeleka mapafuni. Mwuguzi anayesikiliza kifua kila baada ya nusu lita na kuandika kilichoingia na kilichotoka humlinda mgonjwa kuliko daktari anayepita mara moja kwa siku.

Zahanati isiyo na maabara haiko mikono mitupu. Jagi lenye alama za mililita linatosha kupima mkojo. Kijiti cha mkojo kikionyesha damu, ilhali darubini, pale ilipo, haioni chembe nyekundu, kilichomo ni protini ya misuli au ya chembe zilizopasuka. Mkojo ukipungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa saa sita mfululizo, hiyo ni sababu ya kuita gari kabla ya kreatinini kupatikana, kwa kuwa safari hadi hospitali yenye mashine huweza kumeza siku nzima.

Mkulima wetu akipata mashine kwa wakati, kwa kawaida mkojo hurudi ndani ya wiki mbili hadi nne. Unaporudi huweza kuja kwa lita nyingi kwa siku, na potasiamu iliyokuwa juu ikashuka mno, kwa hiyo vipimo havikomi. Usiporudi kabisa, daktari hushuku kwamba gamba la nje la figo limekufa, na hapo usafishaji damu huweza kuwa wa maisha. Hata waliopona, wafuatiliaji wa India na Sri Lanka wamekuta baadhi yao wakiwa na ugonjwa sugu wa figo baadaye. Karatasi ya kuruhusiwa inapaswa kuwa na tarehe ya kurudi wiki moja au mbili baadaye na nyingine baada ya miezi mitatu, kila mara kwa kreatinini, shinikizo la damu na protini kwenye mkojo, hata kama kovu la kifundoni limekwisha kukauka.