Shawa ya umeme na maji ya chumvi

Mkazi wa Mute, wilayani Palma, akitaka shawa ya papo kwa papo, aonje kwanza maji ya kisima chake. Shawa nyingi za bei nafuu zinazouzwa katika pwani yetu zimefuata muundo wa Brazili: ndani ya kichwa cha plastiki mna koili ya waya mtupu, na maji hupita juu yake moja kwa moja. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme sana, kwa hiyo kinachovuja ni kidogo, na waya wa ethi unakichukua kabla hakijafika mwilini. Maji ya chumvi hupitisha zaidi. Yakiwa na ladha ya chumvi, nunua shawa ambayo koili yake imefungwa ndani ya bomba la chuma.

Tuchukue nyumba moja ya kufikirika kijijini hapo. Kitako cha simtanki kiko mita 2.5 juu ya ardhi, shawa iko mita 2.1. Tanki likikaribia kuisha, kinachosukuma maji ni tofauti ya hizo mbili tu, yaani sentimita 40, hata tanki liwe la lita 5,000. Ndani ya shawa mna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ndipo kiunganishe umeme. Msukumo ukiwa mdogo, shawa haiwaki, au inawaka na kuzima. Nyingi zinahitaji angalau mita moja. Jukwaa likipandishwa hadi mita 3.5, tunapata mita 1.4. Kisha jaribu kwa chupa ya lita moja: ikijaa kwa sekunde 20, una lita tatu kwa dakika, na zinatosha kuoga.

Hapa watu wa pwani wana bahati. Maji ya tanki letu ni kama nyuzi 26, na mtu anaridhika na 39. Kupandisha lita tatu kwa dakika kwa nyuzi 13 kunahitaji wati 2,700 hivi. Shawa ya wati 3,200 inatosha. Ya wati 5,500 iliyokusudiwa nchi za baridi itakula yuniti za Credelec bure. Kwa volti 220, wati 3,200 ni ampea 14.5. Ivutiwe laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita mraba 4 na breka ya ampea 20. Fundi akiunga kwenye laini ya taa, ambayo kwa kawaida ni ya 1.5, waya utapata moto ndani ya ukuta, na wewe utajua plastiki inaponuka.

Sasa ethi. Wengi wanadhani ukichomeka rodi ardhini, hitilafu ikitokea breka itaanguka. Katika mchanga mkavu haiwi hivyo. Tuseme rodi yetu ina ukinzani wa omu 40. Waya wa moto ukigusa bomba la chuma lililofungwa ethi, umeme unaokwenda ardhini ni 220 gawanya kwa 40, yaani ampea 5.5. Breka ya ampea 20 haitishiki na hilo. Inabaki imesimama, na bomba linabaki na umeme. Ndiyo maana inatakiwa pia breka ya uvujaji, ile iliyoandikwa 30 mA. Yenyewe inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata mara moja. Ethi inaupa umeme njia, breka hiyo inafunga mlango.

Penye maji ya chumvi na koili tupu, breka ya uvujaji huanguka kila mtu anapofungua maji. Fundi mvivu huitoa, au hukata waya wa ethi, na shawa "inapona". Nimekutana na kazi za namna hiyo: bomba linawasha vidole, wenyeji wanasema ni kawaida. Si kawaida. Mbaya kuliko zote ni waya wa ethi kufungwa kwenye nyutro. Nyutro ikikatika mahali, umeme unarudi kwa njia hiyo hadi kwenye shawa.

Halafu swichi ya kukatia. Iwe ya kukata waya zote mbili, moto na nyutro, maana kuna nyumba ambazo waya hizo zimegeuzwa tangu kwenye mita. Humo, swichi ya waya mmoja ikizimwa, koili bado ina umeme. Iwekwe nje ya bafu, mkono wenye maji usiifikie. Usitumie plagi, waya ziungwe kwa kiunganishi cha kauri.

Kazi ikiisha, usiwashe umeme kwanza. Fungua maji hadi yatoke mfululizo, ndipo uwashe swichi. Koili ikipata umeme bila maji, inakatika papo hapo. Kisha bonyeza kitufe cha kujaribia kwenye breka ya uvujaji. Isipoanguka, usioge.