Ukurasa Mtupu na Jina la Sehemu Inayousababisha

Kosa la istilahi katika ujumbe mfupi wa simu ya mkononi laweza kuleta hasara kubwa kuliko kosa la namna hiyo hiyo kitabuni. Msomaji wa kitabu aweza kukisia maana kwa kusoma mbele. Mtu anayesoma agizo kwenye kioo cha simu hulitekeleza kama lilivyo. Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni ule wa kurasa zinazobaki tupu ndani ya programu katika simu za Android za miaka iliyopita. Agizo ambalo hutolewa katika hali hiyo ni "Sasisha kivinjari chako". Tutaeleza kwa nini agizo hilo humsaidia mwenye simu moja na kumpotosha mwenye simu nyingine, kisha tutapendekeza namna bora ya kulisema.

Jambo lenyewe

Programu nyingi za simu hazichori kila kitu zenyewe. Vitufe, orodha na kichwa cha programu huchorwa na programu yenyewe, lakini habari zinazobadilika, kama vile matangazo, fomu au orodha ya alama za wanafunzi, mara nyingi ni kurasa za tovuti zilizowekwa ndani ya programu. Ili kurasa hizo zionekane, programu huazima sehemu moja ya mfumo wa simu ambayo kazi yake ni kusoma maandishi ya tovuti na kuyageuza yawe picha kwenye kioo. Katika orodha ya programu za simu, sehemu hiyo husomeka `Android System WebView`. Haina alama yake ya kuibonyeza miongoni mwa programu za kawaida, wala haifunguliwi peke yake. Kwa sababu hiyo watu wengi wanayo bila kujua kwamba ipo.

Dalili ya ugonjwa tunaouzungumzia ni hii: programu inafunguka, kichwa na vitufe vyake vinaonekana, lakini mahali pa habari pana weupe mtupu, bila neno lolote la kosa. Kuiondoa programu na kuisakinisha upya hakusaidii kitu, maana sehemu yenye kasoro haimo ndani ya programu. Imo katika mfumo.

Kwa nini ukurasa huwa mtupu

Kurasa za siku hizi aghalabu hufika kwenye simu zikiwa fremu tupu, zikifuatana na faili ya maagizo katika lugha ya JavaScript. Ni maagizo hayo yanayoijaza fremu. Sasa lugha hiyo, kama lugha nyingine zote, huongezewa alama mpya. Mashine nazo zina sarufi, na ni kali. Tazama mstari huu:

```
const jina = mwanafunzi?.jina;
```

Alama `?.` ina maana kwamba, ikiwa mwanafunzi hayumo katika kumbukumbu, jina lisitafutwe. Alama hii ilianza kueleweka katika toleo la 80 la Chrome na la sehemu ya mfumo inayolingana nalo, mwaka 2020. Toleo la nyuma ya hilo likikutana nayo hutoa kosa kama hili, ambalo huandikwa katika kumbukumbu za mashine na halionyeshwi kwa mwenye simu:

```
Uncaught SyntaxError: Unexpected token .
```

Jambo la kuzingatia ni kwamba mashine haiuruki mstari huo na kuendelea na mingine. Kabla ya kutekeleza agizo lolote huisoma faili nzima kuhakikisha kwamba sarufi yake ni sahihi, na ikipata alama moja isiyoijua huikataa faili yote. Ni kama msomaji ambaye, akikuta herufi moja ngeni katika ukurasa wa mia, anakifunga kitabu bila kusoma hata ukurasa wa kwanza. Maadamu maagizo yote yamekataliwa, fremu haijazwi, nao ukurasa unabaki mtupu.

Tunaona basi kwamba hakuna kilichoharibika. Sehemu ya mfumo inafanya kazi kama ilivyoundwa, ila imepitwa na lugha inayosomeshwa. Kwa hiyo haifai kuiita "mbovu". Kitu kibovu hutengenezwa au hutupwa. Kitu kilichopitwa na wakati huletewa toleo jipya.

Je, ni kivinjari?

Hapa ndipo penye chanzo cha mkanganyiko. Katika Android 4.4, iliyotolewa mwaka 2013, sehemu hii ilikuwa imefungamana na mfumo, na haikuweza kusasishwa pasipo kuusasisha mfumo mzima. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 ilitengwa, ikawa inasasishwa peke yake kupitia `Play Store`. Katika Android 7, 8 na 9 kazi yake ilipewa kivinjari cha Chrome chenyewe, na katika simu hizo `Android System WebView` huonekana imezimwa, jambo ambalo huwatia watu wasiwasi bure. Kuanzia Android 10, ya mwaka 2019, kazi ilirudishwa kwa sehemu yenyewe.

Kwa maneno mengine, agizo la kusasisha kivinjari ni la kweli kwa Android 7 hadi 9, tena kwa Chrome tu, si kwa kivinjari chochote kingine. Katika Android 5, 6, na 10 kwenda mbele, mtu aweza kuwa na Chrome mpya kabisa na kurasa za ndani ya programu zikabaki tupu.

Mfano wa mwalimu

Natuchukue mfano wa mwalimu mwenye simu ya Android 7.0, anayetaka kusoma alama za darasa lake katika programu ya shule. Kumbukumbu ya simu yake ni ndogo. Ili kupata nafasi aliizima Chrome na kutumia kivinjari kingine. Tena amezuia programu zisijisasishe zenyewe, asije akamaliza kifurushi chake cha intaneti. Siku moja waundaji wa programu ya shule wanabadilisha ukurasa wa alama, nao unakuwa mweupe. Mwalimu anaambiwa asasishe kivinjari. Anakisasisha kile anachokitumia, na weupe uko pale pale.

Sababu ni hii: Chrome ilipozimwa, mfumo uliirudia `Android System WebView` iliyokuja na simu. Mwalimu akifungua Mipangilio, kisha orodha ya programu, na kuagiza programu za mfumo nazo zionyeshwe, ataikuta humo pamoja na nambari ya toleo. Tuseme inaanza na 58. Mfumo ukisoma nambari ya kwanza iliyo chini ya 80, na ukurasa unatumia alama tuliyoieleza, hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Dawa yake ni kupunguza picha au faili nyingine ili nafasi ipatikane, kuiwasha Chrome, na kuisasisha kutoka `Play Store`. Kwa Android 7 itafika toleo la 119 na kukoma hapo. Katika kusasisha, programu zilizokuwa zikiitumia sehemu hiyo hufungwa na mfumo; kwa hiyo asiwe katikati ya kujaza fomu. Akiifungua tena programu ya shule, alama zitaonekana.

Ikiwa ukurasa ungali mtupu baada ya hayo, na aitazame tarehe ya simu. Simu yenye tarehe isiyo sahihi huviona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa vimekwisha muda au havijaanza, na sehemu hii, isipoagizwa vingine na waundaji wa programu, huacha kuupakia ukurasa kimya kimya. Dalili ni ile ile, lakini kusasisha si dawa yake.

Kikomo cha kusasisha

Kusasisha nako kuna mwisho. Toleo la mwisho kwa Android 5 ni la 95, kwa Android 6 ni la 106, kwa Android 7 ni la 119 kama tulivyosema, na kwa Android 8 na 9 ni la 138, la mwaka 2025. Mwenye simu aliyekwisha kufika kikomo hicho hana la kufanya kwa upande wake. Kumwambia asasishe ni kumsumbua. Wajibu unahamia kwa waundaji wa programu, ambao wanazo zana za kuyageuza maagizo yao kuwa sarufi ya zamani kabla ya kuyatoa. Kwa ofisi inayowahudumia wananchi wenye simu za kila namna, hilo lafaa kuandikwa katika mkataba wa kazi.

Mtafsiri naye ana neno la kusema. Ujumbe wa msaada ukiwekwa ndani ya faili ya maagizo, hautaonekana kamwe, kwa kuwa faili hiyo ndiyo iliyokataliwa. Sharti uandikwe ndani ya fremu yenyewe, ili maagizo yakifanikiwa yaufute, na yakishindwa ubaki:

```
<div id="root">Ukurasa haujafunguka. Sasisha
Android System WebView au Chrome, kisha jaribu tena.
Ukishindwa, fika ofisini.</div>
```

Istilahi tunazopendekeza

Kwa sehemu yenyewe tumezipima njia tatu. "Mwonekano wa wavuti" ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo hutaja kinachoonekana badala ya kifaa kinachoonyesha. "Kivinjari cha ndani" hurudisha mkanganyiko ule ule tunaotaka kuuondoa. Tunapendekeza *kionyeshakurasa cha mfumo*, kwa kufuata umbo la kipazasauti na kipimajoto, ambamo kitenzi na nomino huungana kutaja kifaa kwa kazi yake. Wingi wake ni vionyeshakurasa. Hata hivyo, katika maagizo kwa umma, jina linalosomeka kwenye kioo lisiachwe, maana ndilo atakalolitafuta msomaji.

*Ukurasa mtupu* utumike pale ambapo hakuna neno lolote linaloonekana, na *ukurasa wa kosa* pale mfumo unapotoa maelezo. *Toleo lililopitwa* litumike badala ya "bovu". *Kikomo cha kusasisha* ni toleo la mwisho ambalo simu yaweza kulipokea.

Tunawaomba watafsiri na walimu wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na watuletee maoni, hasa wale waliokwisha kusikia jina jingine likitumiwa na mafundi wa simu katika sehemu zao.