Mkumi ni Mti Gani?

Jina la Mikumi limetokana na mti. Ni wingi wa mkumi, na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 ikaitwa kwa jina hilohilo. Sasa tuseme mwanafunzi aliyekulia Bukoba amelisoma hilo darasani, anauliza: mkumi ni mti gani? Majibu mawili huja haraka. La kwanza ni kumpa neno la Kiingereza. La pili, ambalo walimu wengi huliona bora kwa kuwa angalau ni la Kiswahili, ni kumwambia kwamba mkumi ni mvumo.

Majibu yote mawili yana kasoro moja. Neno la Kiingereza atakalopewa, lile la kawaida, linakusanya mnazi, mtende, mchikichi, mkindu, mkoche na huo mkumi wenyewe. Atakuwa amepata neno jipya la kukariri, na mti bado haujui. Kisawe nacho humsaidia tu anayekijua tayari. Mtu wa pwani akisikia mvumo ataitikia kwa kichwa, lakini mtoto wa Bukoba atauliza mvumo ni nini, aambiwe ni mtapa, naye atauliza tena. Kutoa kisawe peke yake ni kutafsiri ndani ya lugha moja.

Kinachotakiwa ni fasili, yaani maelezo mafupi kwa maneno ambayo msomaji anayo. Neno linaloelezwa watunga kamusi huliita kidahizo. Fasili nzuri ya jina la kitu humwonyesha msomaji kitu hicho kimo katika kundi gani, kisha hukitenga na wenzake wa kundi hilo. Ugumu ni kujua useme nini na uache nini.

Tuanze na kundi. Ukiandika "mkumi ni aina ya mti" hujakosea, ila mwembe nao ni mti. Kundi hilo ni pana mno. Ungetamani neno linalokusanya minazi na ndugu zake wote, lakini Kiswahili cha kila siku hakina neno moja la namna hiyo linaloeleweka na kila mtu. Vitabu vya botania vina majina yake, na mwanafunzi wetu hayajui. Kwa hiyo mtunga fasili huchagua mwana mmoja wa ukoo anayejulikana kuliko wote, akamfanya kiwakilishi: "mti wa jamii ya mnazi". Nimechagua mnazi, sikuchagua mchikichi wala mtende, kwa sababu hata mtoto wa bara ambaye hajafika pwani ameuona mnazi kwenye picha na nazi ameiona sokoni. Kama ningekuwa naandikia wasomaji wa Kigoma, ningefikiria mchikichi.

Baada ya kundi zinakuja sifa, na hapo ndipo wengi hujaza maneno. Wataandika kwamba mkumi ni mrefu, una shina la kijivu, huota kwenye nyasi za mabondeni, matunda yake huliwa na tembo. Yote ni kweli. Lakini kila sifa iulizwe swali moja: inamtenga mkumi na nani? Urefu haumtengi na mnazi. Tembo hula vitu vingi. Mahali unapoota pana miti mingine pia.

Matunda yanavutia zaidi. Mkumi huzaa matunda makubwa ya mviringo, yakiiva huwa na rangi ya machungwa, nayo hayafanani na nazi wala na makoche, yale matunda madogo ya kahawia ambayo watoto huyaguguna. Mtu angedhani sifa imepatikana. Tatizo ni kwamba mikumi ina madume na majike, na dume halizai hata tunda moja. Fasili inayosema "mti wenye matunda makubwa" itawaacha nje madume wote. Uvimbe wa shina nao una kikwazo chake. Mkumi mzima hunenepa kidogo juu ya katikati, ukiuona kwa mbali hutausahau, ila mkumi mchanga hauna uvimbe huo.

Linabaki jani. Kuti la mnazi, la mchikichi na la mkindu lina uti mrefu, na vijani vyake vimejipanga pande mbili. Jani la mkumi hutoka sehemu moja likatandazika kama kiganja chenye vidole vingi, na huwa hivyo kwa dume na jike. Kwa sifa hiyo pekee tumewaondoa majirani karibu wote. Aliyebaki ni mkoche, ambao jani lake nalo limetandazika, na wasukaji wa mikeka na vikapu wanaujua vizuri. Lakini shina la mkoche ukikua kwa kawaida hugawanyika matawi, la mkumi huenda moja kwa moja hadi juu. Sasa tunaweza kuandika:

"Mkumi: mti wa jamii ya mnazi, wenye majani yaliyotandazika kama kiganja na shina lisilogawanyika, ambalo mti ukikomaa hunenepa juu kidogo ya katikati, mti jike huzaa matunda makubwa ya mviringo. Pia mvumo, mtapa."

Visawe sijavitupa. Vimekaa mwisho, kwa faida ya mtu wa pwani.

Namna ya kujua kama fasili imefaulu ni kuipindua. Ficha kidahizo, msomee mkazi wa Kilosa maelezo peke yake, umuulize ni mti gani. Kisha mpe mgeni picha za mnazi, mkindu, mkoche na mkumi, achague. Akichagua mkoche, ujue maneno yako kuhusu shina hayajaeleweka. Akichagua mnazi, tatizo liko kwenye jani. Kosa la msomaji hukuonyesha neno la kurekebisha, ndiyo maana jaribio hili linafaa kuliko kumuuliza kama ameelewa. Watu waungwana husema wameelewa.

Upo ugonjwa mwingine ambao jaribio hilo huufichua mara moja, nao ni mzunguko. Ukikuta swala ameelezwa kuwa ni mnyama wa jamii ya paa, kisha paa akaelezwa kuwa ni mnyama wa jamii ya swala, umezungushwa ukarudi pale pale. Dawa yake ni kujifunga mapema: maneno ya kuelezea yawe machache, yawe rahisi kuliko kidahizo, na ujue unayatumia yapi. Mwalimu Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengali, alilifanya hilo kwa ukali mwaka 1935. Kamusi yake ya Kiingereza kwa wageni ilieleza maneno yake yote kwa kutumia maneno 1,490 tu. Mwaka huohuo Frederick Johnson, katibu wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya nchi nne za Afrika Mashariki, alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotungwa na wenye lugha wenyewe, ilikuja mwaka 1981.

Mti ni rahisi kwa sababu umesimama pale na unaweza kwenda kuutazama. Mikumi ina neno lingine linalosumbua zaidi, nalo ni "mbuga". Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hukatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na ndani ya basi utasikia abiria wakisema "tumeingia mbugani". Ukimwomba mmoja wao atafsiri, atakupa neno la Kiingereza linalomaanisha hifadhi. Tafsiri hiyo ikishakaa kichwani, mtu hawezi tena kuelewa kwa nini mkulima wa Usukumani anasema amelima mpunga mbugani. Amelima ndani ya hifadhi? Askari wako wapi?

Fasili hulitatua hilo. Majirani wa mbuga ni nyika, msitu, bonde na uwanda. Nyika ni kavu na ina vichaka. Msitu una miti iliyosongamana. Bonde hutajwa kwa umbo lake la kuwa chini kati ya vilima. Uwanda ni tambarare yoyote. Kinachoitenga mbuga ni udongo na maji. Andika hivi: "eneo tambarare la nyasi na miti michache, lenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi." Uwanda wa Mkata, ulio ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ni mbuga kwa maana hii hasa. Ndiyo sababu mvua zikikolea baadhi ya njia za magari huko huwa hazipitiki. Miombo ya upande wa kusini na vilima vya pembeni vimo ndani ya hifadhi, lakini si mbuga. Na shamba la mpunga la Msukuma ni mbuga, ingawa halina hata digidigi mmoja.

Njia hii ina mipaka yake. Mtoto anayezungumza Kisagara, Kikaguru au Kividunda nyumbani, ambaye kila siku anapita chini ya mkumi, hana haja ya maelezo yangu ya jani na shina. Mtajie jina la nyumbani kwao, atajua mara moja. Tafsiri hushinda pale ambapo kitu ni kilekile na majina yanalingana moja kwa moja. Ladha na rangi nazo hazikubali uchambuzi wa kundi na sifa, ni lazima umwonyeshe mtu kitu: chungu ni ladha kama ya mwarobaini, njano ni rangi kama ya kiini cha yai. Maneno madogo kama "hata" na "ila" hayaelezeki kwa sifa kabisa. Kwa hayo sentensi mbili za mfano zinatosha, na anayeng'ang'ania kuyafasili hutoa maelezo yasiyosomeka.

Swali moja hubishaniwa kuhusu "mbuga": je, maana ya hifadhi ya wanyama iingie kwenye kamusi, ikiwa jina rasmi ni hifadhi ya taifa? Kwangu mimi iingie. Watu wanaisema, kwenye basi na kwenye magazeti, na kazi ya fasili ni kueleza neno linavyotumika. Ila ipewe namba mbili. Namba moja ni ya udongo mweusi.