AKIBA HAIOZI, LAKINI YATOSHA KULIPA HOSPITALI?

Kwa vikundi vya kujisaidia

Katika mikutano ya vikundi vyetu swali moja halikosi kuulizwa. Mama anasimama na kusema: "Mimi nikilipa bima mwaka mzima na nisiugue, pesa yangu imekwenda wapi? Si afadhali niiweke kwenye chama, nikiugua niichukue?" Swali hilo ni zuri, wala si la mtu mjinga. Wahenga walisema akiba haiozi. Hebu tulipige hesabu, tuone akiba inafika wapi na bima inafika wapi.

Familia moja na mapato yake

Tuchukue mfano wa familia ya Imenti, ambayo pia ingeweza kuwa ya Runyenjes. Ni baba, mama na watoto wawili. Kwa mwezi wanapata shilingi 7,900 za majani chai. Wana ng'ombe mmoja anayetoa lita 6 za kuuza kila siku, kwa shilingi 45 lita moja. Hizo ni shilingi 8,100 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 16,000. Bonasi ya chai huja karibu Oktoba, lakini mara nyingi huwa imeshaliwa na karo na madeni kabla haijafika.

Tangu Oktoba 1, 2024 bima ya serikali iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mtu asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu nyumba yake, maji, mifugo na mengineyo, ndipo anapangiwa mchango. Kiwango ni shilingi 2.75 kwa kila 100 ya mapato ya familia, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Ukiona umepangiwa kiasi kisicholingana na hali yako, omba ukaguliwe upya, usikae kimya. Familia yetu, kwa mapato ya 16,000, ingepangiwa shilingi 440 kwa mwezi. Asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mara moja, yaani shilingi 5,280.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Shilingi 440 si nyingi, lakini 5,280 kwa siku moja ni mzigo.

Wakiweka akiba peke yake

Tuseme wameamua kuacha bima. Kila mwezi wanaweka zile shilingi 440 kwenye kopo. Baada ya mwaka watakuwa na 5,280, na baada ya miaka mitano watakuwa na 26,400. Pesa hizo ni zao, na wasipougua watajengea zizi. Mpaka hapo akiba inaonekana kushinda.

Lakini ugonjwa hausubiri kopo lijae. Tuseme mwezi wa nne mama anajifungua, na inabidi apasuliwe. SHA ilipotangaza viwango vyake mwaka 2024, upasuaji wa uzazi uliwekwa kwa shilingi 30,000, na kuzaa kwa kawaida shilingi 10,000. Tuseme bili yake ni hiyo 30,000. Kwenye kopo mna 1,760. Wanapungukiwa na 28,240.

Sasa wafanye nini? Wanauza ng'ombe. Sokoni, siku ambayo hakuna haraka, angeleta shilingi 70,000. Lakini mnunuzi anajua kuna mgonjwa hospitalini, basi anatoa 45,000. Wakilipa bili wanabaki na 16,760, na kwa hizo hawawezi kumrudisha ng'ombe zizini. Tena mapato ya mwezi yameshuka kutoka 16,000 hadi 7,900, yaani chai peke yake.

Tazama basi hasara ilipo. Bili ya hospitali ni 30,000, lakini hasara haikuishia hapo. Ng'ombe ameuzwa kwa bei ya kutupa, na kila mwezi unaofuata shilingi 8,100 haziingii nyumbani. Kopo la shilingi 440 lingechukua karibu miaka sita kufikia 30,000. Kwa hiyo akiba haiozi kweli, lakini inakua polepole kuliko ugonjwa mkubwa unavyokuja.

Wakilipa bima

Sasa tuseme wamelipa 5,280 na mchango wao uko hai. Mama anapopasuliwa, SHA inailipa hospitali. Ng'ombe anabaki zizini. Mwaka ambao hawaugui, zile 5,280 hazirudi, ni kweli. Zimekwenda kulipia mgonjwa wa familia nyingine, kama vile za wengine zilivyokwenda kumlipia mama huyu. Hiyo ndiyo kazi ya bima. Ni kama ua wa shamba: mwaka ambao ng'ombe wa jirani hawakuingia, hatusemi ua ulikuwa wa bure.

Jambo la kukumbuka ni kwamba zamani mama wengi walijifungua bila malipo kwa mpango wa Linda Mama. NHIF ilipokwisha mwaka 2024, uzazi uliingizwa katika mfuko wa michango ya SHA. Kwa hiyo asitegemee ya zamani aliye na mimba. Aangalie mchango wake mapema.

Bima isiyofika

Hata hivyo tusidanganyane. Bima haimalizi gharama zote. Mama wetu alikwenda usiku, gari la kukodi likachukua 2,500. Dawa moja haikuwepo hospitalini, ikanunuliwa duka la dawa la nje kwa 1,800. Aliyemhudumia alikula kwa 900. Jumla ni 5,200, na hakuna bima iliyolipa hata senti ya hizo. Mtu aliyelipa bima na hana akiba yoyote bado angelazimika kukopa usiku huo.

Tena kuna mambo ya karatasi. Hospitali iwe na mkataba na SHA, la sivyo utalipa mwenyewe. Mwaka 2025 hospitali za kibinafsi zilisitisha huduma za SHA kwa muda zikidai hazijalipwa. Kwa hiyo ujue mapema hospitali mbili, si moja. Uliza hivi: "Mnapokea SHA? Kwa kulazwa na kwa upasuaji pia?" Jibu la "ndiyo" kwa matibabu ya kurudi nyumbani si jibu la wodi.

Jambo jingine, wazazi wazee hawamo katika mchango wako. Baba mzee wa nyumba ya juu ni familia yake, naye ajiandikishe kwa kitambulisho chake.

Kila kimoja na kazi yake

Basi si bima au akiba. Tugawe kazi. Magonjwa tunaweza kuyaweka mafungu matatu.

La kwanza ni homa, kikohozi, kidonda. Haya hutibiwa kwenye zahanati au kituo cha afya. Aliyejiandikisha na SHA hutibiwa huko bila kulipa mchango, katika vituo vyenye mkataba, na kujiandikisha ni bure. Kwa hiyo hata asiye na pesa hana sababu ya kutojiandikisha. Ni kubonyeza *147# kwenye simu.

La pili ni gharama ndogo za pesa taslimu: nauli, dawa isiyopatikana, chakula cha mhudumu. Hizi ni kazi ya kopo.

La tatu ni kulazwa, kupasuliwa, ajali. Haya huja mara chache lakini huuza mashamba. Hii ni kazi ya bima.

Familia yetu ingepanga hivi kwa mwezi: 440 za bima na 300 za kopo, jumla 740. Ni karibu shilingi 5 katika kila 100 wanazopata. Kopo lisikue bila kikomo. Likifika 6,000, ambayo ni usiku mmoja kama ule na kidogo zaidi, wasimame, na zile 300 ziende kwenye hisa za chama. Likitumika, waanze kujaza tena. Na liwe la matibabu pekee. Likikopwa kwa mbegu au karo, siku ya ugonjwa litakuwa tupu. Ikiwa hata 740 hazipatikani, waanze na kujiandikisha, halafu mchango wa bima, na kopo hata kwa shilingi 50.

Kikundi kifanye nini?

Baadhi ya vikundi husema: "Sisi wenyewe tuwe bima." Tuone. Wanachama 20 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, kwa mwaka ni 24,000. Upasuaji mmoja wa uzazi unazidi hizo zote. Tena wanachama wote wanakaa mlima mmoja na wanachota maji mamoja. Mto ukichafuka wanaugua pamoja, na mfuko unakauka pamoja. Bima inataka watu wengi, wa sehemu nyingi.

Watu wa kwetu walilifahamu hilo zamani. Mwaka 1991 Hospitali ya Chogoria ilianzisha bima yake ikishirikiana na kampuni ya bima, haikujaribu peke yake. Na kule Kisiizi, Uganda, mwaka 1996, hospitali ilianza bima kupitia vyama vya engozi, vile vya kubeba wagonjwa kwa machela. Sharti lilikuwa zaidi ya nusu ya familia za chama zijiunge. Kwa nini? Kwa sababu wakiingia wagonjwa pekee, pesa huisha upesi.

Kazi ambayo kikundi kinaiweza vizuri ni ile ya kuvunja mzigo wa 5,280. Mwanachama atoe shilingi 105 kila wiki. Kwa wiki 52 ni 5,460, zinatosha mchango na ada ya kutuma. Mweka hazina aziandike kitabu cha peke yake, kisichochanganywa na mikopo. Siku ya kulipa, kila mmoja alipiwe kwa namba yake ya kitambulisho, na alete ujumbe wa simu usomwe mkutanoni. Kisha abonyeze *147# kuhakikisha. Tumeona pesa zilizotolewa na hazikufika, na mwenyewe akajua akiwa mlangoni pa wodi.

Serikali ilianzisha pia Lipa SHA Pole Pole mwaka 2025, ambapo mchango wa mwaka hulipwa kwa mkopo nawe unarudisha kidogo kidogo. Inasaidia, lakini ni deni. Soma masharti kwanza, na kikundi kijue nani amechukua.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni wangapi kati yetu wamejiandikisha, na ni wangapi mchango wao uko hai leo? Hakikisheni kwa simu hapo hapo.
2. Hospitali zipi mbili za karibu zinalaza wagonjwa wa SHA? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?
3. Mwaka jana nani aliuza mnyama, mti au shamba kwa ajili ya hospitali? Aliuza kwa bei gani, na bei ya kawaida ilikuwa ngapi?
4. Je, tuanze kitabu cha shilingi 105 kwa wiki? Nani atakikagua pamoja na mweka hazina?