Kulinganisha Saa na Kusawazisha Saa: Istilahi Mbili za Kumbukumbu za Mitambo

Katika tafsiri za miongozo ya mitambo tumekuta maneno *kulinganisha saa* na *kusawazisha saa* yakitumiwa kana kwamba yana maana moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ni kazi mbili, na kwamba fundi anayeelekezwa kufanya moja badala ya nyingine anaweza kufungua mota isiyo na kasoro.

Tuchukue ukanda mrefu wa kupitishia mawe kiwandani, unaovutwa na mota mbili. Kila mota ina *kiendeshi*, yaani chombo kinachotawala kasi yake, na viendeshi vyote viwili hupokea amri kutoka kwa *kidhibiti* kimoja. Kila chombo kina saa yake, na kila hitilafu huandikwa pamoja na *muhuri wa wakati*. Orodha ya mihuri hiyo ndiyo *kumbukumbu ya mfuatano wa matukio*.

Siku moja ukanda unasimama. Kiendeshi cha kwanza kimeandika hitilafu saa 10:14:07.300, cha pili kimeandika 10:14:07.120. Kwa kusoma tu, cha pili kilitangulia kwa milisekunde 180. Ikiwa ndivyo, mota ya pili iliacha kuvuta, ya kwanza ikaelemewa na mzigo wote, nayo ikazimika. Fundi ataanza kuifungua mota ya pili. Lakini hukumu hiyo inategemea saa mbili ambazo hakuna aliyehakikisha kwamba zinakubaliana.

Hapa ndipo panapohitajika *kulinganisha*, yaani kupima tofauti bila kuigusa saa. Kidhibiti kinapeleka ujumbe kwa kiendeshi cha pili wakati saa ya kidhibiti inaonyesha milisekunde 1000. Kiendeshi kinaupokea saa yake ikionyesha 603, kinajibu ikionyesha 605, na jibu linafika kidhibiti kikionyesha 1008. Safari ya kwenda inatoa 603 − 1000, yaani −397. Ya kurudi inatoa 605 − 1008, yaani −403. Wastani ni −400: saa ya kiendeshi iko nyuma kwa milisekunde 400. Kipimo kama hicho kwa kiendeshi cha kwanza kinaonyesha kwamba saa yake inakubaliana na ya kidhibiti. Basi hitilafu ya kiendeshi cha pili ilitokea hasa saa 10:14:07.520, na mota ya kutazamwa kwanza ni ile ya kwanza.

Hesabu hii inachukulia kwamba ujumbe na jibu vilitumia muda sawa njiani. Safari zote mbili zilichukua milisekunde 6. Kwa hiyo hata kama muda wote ulipotea upande mmoja, kosa halizidi 3. Pengo la 220 tulilolipata halitikiswi na kosa hilo. Lau pengo lingekuwa milisekunde 2, tungelazimika kuandika kwamba mfuatano haujulikani.

Ulinganisho una mpaka mwingine. Saa inayokosea sehemu 20 kwa milioni hupotea sekunde 1.7 hivi kwa siku, sawa na milisekunde 72 kwa saa moja. Ulinganisho ukifanywa kesho yake, hauwezi tena kuamua pengo la milisekunde 220. Kwa sababu hiyo yafaa *kusawazisha*: kuifanya kila saa ifuate saa moja kuu daima, na kuirekebisha kidogo kidogo. Saa ikirudishwa nyuma kwa mkupuo, tukio la baadaye linaweza kupata muhuri wa mapema kuliko lililotangulia. Saa kuu ishike wakati wa dunia, UTC. Saa 07:14 ya UTC ni 10:14 ya Afrika Mashariki, ambayo sisi husema saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Mfasiri asiyeandika ni hesabu ipi anayoitumia huongeza kosa la saa tatu au sita.

Baada ya umeme kukatika tarehe 14 Agosti 1983 isingekuwa ajabu kukuta saa zisizosawazishwa. Lakini hayo yalitokea tarehe 14 Agosti 2003, huko Marekani na Ontario. Wachunguzi walitaabika kupanga kumbukumbu kwa sababu saa nyingi hazikuwa zimesawazishwa. Kanuni za huko baadaye zilitaka vinasa matukio visipishane na UTC kwa zaidi ya milisekunde 2.

Hata hivyo kusawazisha hakuondoi haja ya kulinganisha. Ishara moja ya umeme ikipelekwa kwa vyombo vyote kwa pamoja, mihuri yao hulinganishwa. Ikipishana kuliko ilivyoruhusiwa, usawazishaji umeshindwa, au chombo fulani kinaandika wakati wa kupokea habari badala ya wakati wa tukio. Kwa hiyo tunapendekeza *ulinganishaji* ubaki kuwa jina la kupima tofauti, na *usawazishaji* liwe jina la kuiondoa.